Umeapa, Kisha Umevunja: Kafara ya Yamini na Jinsi ya Kuitoa

(Mhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri. Umeandikwa hapa wote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Wazee wangu, ndugu zangu, na akina mama mlio upande wa pili wa pazia, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Leo nimekuja na jambo moja tu. Mtu anagombana na nduguye, hasira zinampanda, anasema: "Wallahi sitaingia tena nyumbani kwako." Mwezi unapita, mwaka unapita. Nduguye anaumwa, mtoto wa nduguye anaoa, na yeye hatoki kwake. Ukimuuliza, anakwambia: "Ningekwenda, lakini niliapa." Mwingine anakwenda, na akirudi anafunga siku tatu, anaona amemaliza. Wa kwanza amekosea. Na huyu wa pili, ikiwa ana uwezo wa kulisha, naye amekosea. Nataka tuelewane kwa nini.

Kwanza, ni kiapo gani kinachotushughulisha leo? Si kila "wallahi" inayotoka mdomoni. Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alisema aya ya viapo vya upuuzi iliteremka juu ya maneno ya mtu katika mazungumzo: "hapana wallahi", "ndiyo wallahi". Ulimi umezoea, moyo haukukusudia kiapo. Hicho hakina kafara, ingawa ni tabia ya kuiacha. Wala hatuzungumzii kiapo cha mtu kwa kichwa cha mama yake au kaburi la babu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta Umar bin Khattab safarini akiapa kwa baba yake, akasema Mwenyezi Mungu anawakataza kuapa kwa baba zenu. Anayeapa na aape kwa Mwenyezi Mungu, au anyamaze. Aliyeapa kwa kisichokuwa Mwenyezi Mungu hana kafara ya yamini. Ana istighfari ya kuleta na ulimi wa kurekebisha.

Na yule aliyesema "nikifanya hivi mke wangu ameachika"? Hilo ni mlango wa talaka, lina hukumu zake na hatari zake. Asilipime kwa mhadhara huu. Aende kwa kadhi au kwa mwanachuoni, na aende upesi.

Tunachozungumza ni hiki: mtu mzima, mwenye akili, hakulazimishwa, ametaja jina la Mwenyezi Mungu au sifa yake huku akikusudia, akaapa juu ya jambo la mbele. Nitafanya. Sitafanya. Hiyo ndiyo yamini inayofunga, na hiyo ndiyo ikivunjwa inadai kafara.

Sasa sikilizeni kisa cha mbora wa umma huu baada ya Mtume wake.

Mistah bin Uthatha alikuwa jamaa wa Abu Bakr Siddiq. Mama yake Mistah alikuwa binti wa khalati yake Abu Bakr. Alikuwa masikini, alikuwa Muhajiri, alipigana Badri, na Abu Bakr ndiye aliyekuwa akimpa matumizi. Wanafiki walipomzulia uongo Bi Aisha, binti wa Abu Bakr, mke wa Mtume, Mistah alikuwa miongoni mwa walioyabeba yale maneno. Hebu jiwekeni mahali pa Abu Bakr. Mtu unamlisha, anakula mkononi mwako, halafu anaibeba aibu ya kuzushwa juu ya mwanao! Aya za kumtakasa Bi Aisha zilipoteremka, Abu Bakr akaapa: "Wallahi, sitampa Mistah kitu tena kamwe, baada ya hayo aliyoyasema juu ya Aisha."

Nani kati yetu angemlaumu? Mimi sioni wa kumlaumu. Lakini Mola wake alimwambia neno jingine. Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur: wenye fadhila na wasaa miongoni mwenu wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, na masikini, na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu, wasamehe na waachilie mbali. Kisha likaja swali: "Je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?"

Abu Bakr akajibu hapo hapo: "Kwa nini nisipende! Wallahi, napenda Mwenyezi Mungu anisamehe." Akamrudishia Mistah matumizi yake, akasema hatayaondoa kwake kamwe.

Mmeona? Jamaa, masikini, Muhajiri: sifa zote tatu za aya zilikuwa za Mistah. Na kiapo kilikuwa cha Abu Bakr, mtu ambaye Bi Aisha anasimulia kwamba hakuwa akivunja yamini kamwe, mpaka Mwenyezi Mungu alipoteremsha kafara ya yamini. Hapo ndipo aliposema: siapi yamini kisha nikaona lingine ni bora kuliko hilo, ila nitafanya lililo bora na nitatoa kafara ya yamini yangu.

Basi wewe unayesema "ningekwenda kumwona dada yangu, lakini niliapa", kiapo chako ni kizito kuliko cha Abu Bakr? Kosa la dada yako ni kubwa kuliko la Mistah? Katika Suratul Baqara, aya ya 224, tumekatazwa kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kizuizi cha kutenda wema na kupatanisha watu. Na katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume anaapa kwamba mtu kung'ang'ania kiapo chake juu ya ahali zake ni dhambi kubwa zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko kutoa kafara aliyomfaradhishia. Kung'ang'ania! Tunadhani anayeng'ang'ania ndiye mcha Mungu, ndiye mwenye kuheshimu kiapo. Mtume anasema huyo ndiye mwenye dhambi zaidi.

Mtume mwenyewe alitufundisha hili kwa vitendo. Abu Musa al-Ash'ari anasimulia kwamba alimwendea na watu wa kabila lake kuomba wanyama wa kupanda. Mtume akasema: "Wallahi sitawapandisha, na sina cha kuwapandisha." Kisha wakaletwa ngamia, naye akaamuru Waash'ari wapewe ngamia wenye nundu nyeupe. Wakaondoka nao. Njiani wakaanza kuambiana: tumemfanya Mtume wa Mwenyezi Mungu asahau kiapo chake, hatutafanikiwa. Wakarudi kumkumbusha. Akawaambia si yeye aliyewapandisha bali Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye, inshallah, haapi yamini kisha akaona lingine ni bora ila hulifanya lililo bora na kuitolea kafara yamini yake.

Kwa hiyo kuvunja kiapo si jambo la namna moja. Ukiapa kutenda haramu au kuacha wajibu, ni wajibu uvunje. Aliyeapa kutosema na mama yake hana ruhusa ya kutimiza. Ukiapa kuacha jambo la sunna, bora uvunje. Ukiapa kutenda wajibu, haramu kuvunja. Na ukiapa juu ya jambo la kawaida tu, mfano kutokula chakula fulani, bora ukitunze kiapo, kwa sababu aya yenyewe ya kafara imesema: hifadhini viapo vyenu. Ila katika hali zote hizi, ukivunja, kafara iko shingoni mwako. Hata pale ambapo kuvunja ni wajibu, kafara haianguki.

Sasa tuje kwenye kafara yenyewe, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini.

Iko katika Suratul Maida, aya ya 89. Kulisha masikini 10 kwa wastani wa chakula mnachowalisha ahali zenu, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Na asiyepata, afunge siku tatu.

Sikilizeni mpangilio wake. Mambo matatu ya mwanzo ni ya hiari: chagua. Kuacha huru mtumwa leo hakupo, kwa hiyo umebaki na kulisha au kuvisha. Ndipo linakuja neno "asiyepata". Funga haikuwekwa kwenye meza moja na kulisha. Funga ni ya asiyepata. Mtu ana duka, ana mshahara, jana amewaandalia wageni wake pilau, leo anafunga siku tatu kwa sababu ameona kufunga ni nafuu kuliko kununua mchele. Huyo kafara yake bado. Amefunga sunna, Mwenyezi Mungu amlipe, lakini deni la kiapo liko pale pale. Na wako wengi, ndugu zangu, wengi sana, kwa sababu sentensi iliyoenea mitaani ni fupi: "Ukivunja kiapo, funga siku tatu."

Nani basi asiyepata? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ni yule ambaye hana ziada juu ya mahitaji yake na ya wale anaowajibika kuwalisha. Yule ambaye yeye mwenyewe anafaa kupewa zaka kwa ufakiri au umasikini wake. Kibarua anayekula alichokipata leo, mwanafunzi anayetegemea wazazi na hana chake: hao wafunge. Siku tatu, na kila usiku anuie kuwa ni funga ya kafara. Si lazima zifuatane katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, ingawa Hanafi na Hanbali wameshurutisha zifuatane, na kufuatanisha ni kutoka katika khilafu.

Haya, mwenye uwezo anatoaje? Tumchukue mtu mmoja, mwenye duka la vyakula. Amegombana na dada yake juu ya mirathi ya shamba la minazi, akasema mbele ya watu: "Wallahi sitakanyaga nyumbani kwake." Akarudia siku hiyo hiyo mara tatu kwa hasira. Leo dada anaumwa, na kaka anataka kwenda.

Jambo la kwanza analouliza: nimeapa mara tatu, nina kafara tatu? Hapana. Jambo ni moja na alikuwa akilisisitiza, basi kafara ni moja. Angekuwa siku nyingine ameapa juu ya jambo jingine, mathalani kutomuuzia jirani yake, hicho ni kiapo kingine na kafara yake ni nyingine.

La pili: anaweza kusema "inshallah" sasa hivi ili kiapo kianguke? Hawezi. Inshallah inafaa ikiwa imeungana na kiapo chenyewe, na ameikusudia kabla hajamaliza kuapa. Kuja nayo baada ya mwezi hakusaidii kitu.

La tatu: kipimo. Kila masikini apate mudi moja ya chakula kikuu cha mji, na mudi moja ni robo ya kile kipimo cha nafaka kiitwacho swaa. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakipima kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi, ile pishi tunayotolea zaka ya fitri. Kwa hiyo kumbukeni hivi: kibaba kimoja kwa kila kichwa. Kwa mizani ya leo wanavyuoni wanatofautiana kidogo, lakini ukimpa kila mmoja robo tatu ya kilo umetoka katika shaka. Watu 10, kilo saba na nusu za mchele, au mahindi ikiwa ndicho chakula cha watu wa kwenu. Basi! Mfuko mmoja mdogo wa dukani. Kwa ajili ya kilo saba na nusu za mchele mtu amekaa miaka hajamwona dada yake.

Na mchele uwe upi? Aya imesema wastani wa mnachowalisha ahali zenu. Mwenye duka asiende kuchota ule uliovunda chini ya gunia ambao wateja wameukataa. Achukue ule unaopikwa nyumbani kwake.

La nne, na hapa makosa ni mengi: masikini ni 10, vichwa 10. Akimpa mjane mmoja kilo zote saba na nusu, kwa madhehebu yetu amelisha masikini mmoja. Bado tisa. Lakini akipata nyumba ya masikini yenye mama na watoto sita, hao ni saba, na mama atawapokelea wanawe mafungu yao. Atafute watatu wengine, amemaliza. Asiwape watoto wake mwenyewe, wala mkewe, wala wazazi anaowajibika kuwalisha. Asitie pesa kwenye sanduku la msikiti akasema "hii kafara", kwa sababu sanduku linanunua balbu na kulipa maji, halilishi masikini 10. Wala asiwaalike marafiki 10 wenye nafasi zao wakala biriani. Biriani hiyo ni karamu.

Kutoa fedha je? Kwa Shafi haitoshi. Aya imetaja chakula. Wenzetu wa Hanafi wanaruhusu thamani, na wanaruhusu pia kuwapikia masikini wakashiba milo miwili, ila kipimo chao cha nafaka ni kikubwa kuliko chetu. Usichukue kipimo kidogo cha huku na ruhusa ya fedha ya kule ukavichanganya. Uliye mbali, uko Muscat au uko Ulaya, unaweza kumtumia mtu mwaminifu fedha kwa simu awe wakala wako: yeye anunue mchele, yeye agawe kwa vichwa 10, na umwambie wazi kuwa ni kafara. Fedha hapo ni njia tu, na kilichomfikia masikini ni chakula.

Anayependa kuvisha, kila mmoja apate vazi: kanzu, shati, shuka, kanga. Viatu na soksi havihesabiki. Wala asilishe watano na kuvisha watano. Kwa Shafi achague moja alikamilishe.

La tano: atoe kabla au baada? Mwenye duka wetu anaweza kuugawa mchele Alhamisi na kwenda kwa dada yake Ijumaa. Kafara ya mali inafaa kutangulia. Lakini angekuwa ni fakiri wa kufunga, asifunge kabla. Aende kwanza amwone dada yake, kisha afunge. Na akishaingia mara moja, kiapo kimekwisha. Kesho akirudi, hana kafara mpya. Wapo wanaodhani kila kuingia ni kilo saba na nusu!

Na kama aliingia kwa kusahau, au alibebwa kwa nguvu? Kwa madhehebu yetu hajavunja. Kiapo kipo kama kilivyokuwa.

Ndugu zangu, yote haya ni kuhusu kiapo cha jambo la mbele. Iko yamini nyingine, na hii inatisha. Mtu anaapa juu ya jambo lililopita, na anajua anasema uongo. Wanavyuoni wanaiita yamini ghamusi, na Mtume ameihesabu katika madhambi makubwa pamoja na kumshirikisha Mwenyezi Mungu, kuwaasi wazazi wawili na kuua nafsi.

Al-Ash'ath bin Qays alikuwa na kesi ya kisima na binamu yake. Akaenda kwa Mtume. Mtume akamwambia: lete ushahidi wako, au yeye aape. Al-Ash'ath akasema: basi ataapa, na hatajali! Hapo Mtume akasema kwamba anayeapa kwa uongo ili akate mali ya mtu Mwislamu, atakutana na Mwenyezi Mungu hali amemkasirikia. Na ikateremka aya ya 77 ya Aali Imran, juu ya wanaouza ahadi ya Mwenyezi Mungu na viapo vyao kwa thamani ndogo.

Kisima, ndugu zangu. Kwetu sisi ni kiwanja, ni minazi, ni deni lisiloandikwa. Mtu anasimama mbele ya kadhi, mkono juu ya Msahafu, anaapa. Je, huyu akitoa vibaba 10 amesalimika? Jopo kubwa la wanavyuoni wanasema yamini hii haina kafara kabisa, kwa ukubwa wake. Imam Shafi anasema atoe kafara, na juu ya kafara atubu na arudishe haki. Tofauti yao ni katika mchele. Katika kurudisha mali ya watu hawatofautiani. Kama uliapa ukachukua robo ya shamba, shamba lirudi. Na mwenye duka anayeapa "wallahi nimenunua kwa bei hii" ili mteja aongeze bei, naye ajue amesimama mlango huo huo.

Nina neno moja la kubakisha, kwa sababu nimeulizwa na watu wawili kabla ya swala. Marehemu alikuwa na viapo alivyovivunja na hakuvitolea kafara. Inakuwaje? Mtume alipoulizwa juu ya funga aliyokufa nayo mtu, alisema deni la Mwenyezi Mungu lina haki zaidi ya kulipwa. Kwa Shafi, kafara inatolewa katika mali aliyoiacha, kabla ya mirathi kugawanywa, pamoja na madeni yake mengine. Kwa hiyo warithi mnapokaa kuandika madeni ya marehemu, ya duka na ya jirani, muulizeni mjane na watoto wakubwa: mnakijua kiapo chochote alichokivunja? Kila kimoja kiandikeni vibaba 10, na mvitoe kabla ya fungu la kwanza kukatwa. Na wewe uliye hai, ikiwa una kiapo cha namna hiyo, kiandike leo katika wasia wako, hata kama umekusudia kukitolea kesho.

Wenye maswali yao binafsi, nitakuwa hapa kwenye nguzo ya mbele mpaka Magharibi. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.